Soga za kabla ya bei

Nimekaa miaka mingi upande wa wanunuzi, kisha nikahamia upande wa wauzaji, na pande zote mbili nimeona jambo moja. Watu hujiandaa kwa kila kitu isipokuwa zile dakika za mwanzo. Wanakuja na bei ambayo hawatashuka chini yake, hesabu za usafirishaji na nakala za mikataba iliyopita. Wakishaketi na kusalimiana, mmoja anamwaga malalamiko ya asubuhi yake yote, mwingine anataja bei kabla mwenzake hajafungua daftari. Mkutano unaanza kwa mwendo wa kupwaya, na saa nzima inayofuata inakwenda katika kuurekebisha.

Nitazungumzia zaidi mkutano wa kwanza, wa ana kwa ana, kati ya muuzaji na mnunuzi ambao hawajuani vizuri. Hapo ndipo soga zina kazi kubwa kuliko penginepo, na hapo ndipo maswali mawili ninayoulizwa mara nyingi na vijana ninaofanya nao kazi yana uzito: tuongee kwa muda gani, na tuongee nini?

Kabla ya kujibu, ni vizuri kujua soga zinafanya nini hasa. Wengi hudhani kazi yake ni kumfanya mtu akupende ili akupunguzie bei. Mimi siamini hivyo. Meneja manunuzi mwenye bajeti iliyokwisha kupitishwa hawezi kukuongezea pesa eti kwa sababu mmecheka pamoja. Anachoweza kufanya ni kukueleza kwa nini hawezi, na hicho ndicho unachokihitaji, kwa sababu ukijua kinachombana unaweza kutafuta njia ya kupita pembeni. Mtu ambaye hamjabadilishana naye hata neno moja la kawaida atakwambia tu, "Haiwezekani," na mtaishia hapo.

Kazi ya pili watu huizungumzia mara chache, nami naithamini zaidi. Soga hukufundisha jinsi mtu huyo anavyoongea akiwa hana cha kupoteza. Kuna mtu ambaye kila ukimuuliza jambo anakaa kimya kidogo, anatazama meza, ndipo anajibu. Ukikutana na kimya hicho kwa mara ya kwanza baada ya kutaja bei, utaingiwa na hofu na kuanza kujipunguzia mwenyewe. Ukiwa umekiona tayari wakati mnazungumzia hali ya hewa, unajua ndivyo alivyo, nawe unatulia ukimngoja. Mwingine huongea haraka na kucheka kila baada ya sentensi. Akiulizwa kuhusu tarehe ya kupokea mzigo, kicheko kikakatika na maneno yakawa ya kuhesabu, umepata habari ambayo hakukusudia kukupa. Lakini huwezi kuona badiliko kama hukuona hali ya kawaida.

Hapo ndipo kipimo changu cha muda kinapotoka. Soga zimetosha pale ambapo kila aliyeketi mezani ameshatoa sauti yake juu ya jambo lisilo na faida wala hasara, na ametoa zaidi ya jibu la neno moja. Kwa watu wanne katika mkutano wa saa moja, kwa uzoefu wangu, hilo huchukua dakika tano hadi nane. Kwa watu wawili, tatu au nne zinatosha. Mkutano wa nusu saa ukila dakika kumi za soga, mwenye ratiba ngumu ameshaanza kukukasirikia moyoni hata kama anatabasamu. Kwenye simu ni kujuliana hali na swali moja la ziada. Na kama mmekutana kwa sababu kuna mgogoro, mzigo umechelewa au malipo yamekwama, fupisha sana: mwenye machungu akiulizwa habari za familia kwa dakika tano anaona unamzungusha. Msalimie, kubali kwamba kuna jambo zito, ingieni kazini.

Ukubwa wa meza unabadilisha hesabu hii, na mkalimani anaibadilisha zaidi. Kila sentensi inasemwa mara mbili, kwa hiyo soga za dakika sita zinabeba maneno ya dakika tatu. Mizaha huwafikia wasikilizaji ikiwa imechelewa, nusu ya meza inacheka wakati nusu nyingine imeshanyamaza. Ukiwa na mkalimani, uliza maswali mafupi yenye majibu mafupi, umtazame unayeongea naye, si mkalimani, na uongeze muda kidogo.

Hata hivyo usiamini saa yako ya ndani. Mwaka 2021 Adam Mastroianni na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mazungumzo ya kawaida ya watu wawili wawili. Waliwauliza washiriki ni wakati gani wangependa mazungumzo yaishe. Ni takribani asilimia 2 tu ya mazungumzo yaliyoisha wakati ambao wote wawili waliutaka. Wengine walitaka yaishe mapema, wengine walitaka yaendelee, na kila mmoja alikuwa akikisia vibaya anachotaka mwenzake, kwa sababu adabu inatufundisha kuficha hamu ya kuondoka. Katika biashara kuficha huko huzidi, hasa kwa yule anayetaka kuuza. Mnunuzi akiendelea kusimulia, muuzaji ataendelea kutikisa kichwa mpaka nusu ya muda iishe, na mnunuzi naye huenda anasimulia kwa kuogopa kuonekana ana haraka.

Ndiyo maana mimi huangalia ishara badala ya kutegemea hisia. Majibu yanafupika: aliyekuwa anatoa sentensi tatu sasa anasema, "Ni kweli," basi. Mtu ananyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimenyooka. Mada inafungwa, kinakuja kimya kifupi, na hakuna anayeanzisha nyingine. Mkubwa wa upande wa pili anamtazama msaidizi wake. Ukiona mawili kati ya hayo, soga zimekwisha, hata kama ulikuwa na swali zuri mfukoni.

Nani afunge? Mwenyeji ndiye mwenye haki ya kwanza, na kama ni mkubwa kwa cheo au umri, mgeni amwachie kabisa. Lakini mwenyeji asipofunga kwa sababu anakuheshimu, mfungulie mlango bila kumsukuma. Mimi husema, "Bwana, sisi tuko tayari wakati wowote mtakapopenda tuanze." Sentensi hiyo haimkatizi. Akitaka kumaliza kisa chake atamaliza, na akitaka kuanza amepata ruhusa. Kibaya kuliko vyote ni kuruka ghafla kutoka kwenye kisa cha mtoto wake kuhitimu hadi "Sasa kuhusu ile asilimia 12." Mtu huhisi kwamba muda wote ulikuwa unangoja anyamaze.

Sasa mada. Kuna orodha nyingi zinazosema hali ya hewa na michezo ni salama, siasa na dini si salama. Ni kweli kwa kiasi chake, lakini haziendi mbali. Mada inayofaa mbele ya majadiliano ina sifa tatu. Kwanza, kila mtu mezani anaweza kuichangia bila kujiandaa na bila kuonekana mjinga. Mpira wa miguu, kwa mfano, unawafungia nje wasioufuatilia, na mara nyingi anayefungiwa nje ni yule mhasibu aliyekaa pembeni ambaye saini yake ndiyo itakayopitisha malipo. Pili, haipangi watu kwa ngazi. Ukianza na shule za kimataifa au safari za nje, kuna atakayejisikia mdogo, naye atatafuta kujirudishia hadhi baadaye kwenye bei. Tatu, haivujishi msimamo wa upande wako.

Sifa hiyo ya tatu ndiyo watu huikosa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. "Mnaondoka lini?" ni swali la ukarimu kabisa. Ukijibu kwamba ndege yenu ni kesho saa mbili asubuhi, umeshawaambia wenyeji kwamba baada ya saa kumi jioni leo mtakuwa na haraka ya kusaini. "Kazi zinaendaje?" nalo ni swali jema. Ukijibu kwamba miezi hii imekuwa mikavu, umesema unahitaji oda hii kuliko unavyotaka ijulikane. Ukijibu kwamba mmelemewa, mnunuzi ataanza kujiuliza kama mzigo wake utafika kwa wakati. Hata sifa zina gharama. Mnunuzi anayeshika sampuli na kusema, "Hii ni nzuri kuliko zote tulizoona," kabla bei haijatajwa, amejifungia mlango wa kulinganisha na wengine.

Dawa yake si uongo. Uongo mdogo wa kwenye soga hugunduliwa, na ukigunduliwa kila neno lako la baadaye linapimwa upya. Dawa ni kujibu kweli kwa upande usio na uzito. "Tunaondoka mkimaliza kutuvumilia" ni jibu la mzaha linaloeleweka kila mahali. "Kazi zipo, namshukuru Mungu, na hii iliyotuleta hapa tumeipa nafasi yake" ni kweli na haipimiki. Jiandae na majibu mawili ya namna hiyo kabla ya kuingia, kwa sababu maswali haya yatakuja tu, na mara nyingi yanaulizwa na midomo isiyo na nia mbaya.

Kwangu mimi chimbuko bora la mada ni kile ambacho wote mnakiona au mmekipitia saa ileile: ngazi, kelele, mvua, chumba chenyewe, namna mkutano ulivyohamishwa kutoka siku moja hadi nyingine. Kila mmoja ana sehemu yake hapo na hakuna aliye mtaalamu.

Nitasimulia mkutano mmoja ili haya yaonekane. Nilikuwa upande wa muuzaji wa maboksi ya kufungashia. Mkataba wa mwaka ulikuwa unaisha. Sisi tulitaka malipo ndani ya siku 30 badala ya 60, wao walitaka bei ishuke. Upande wao alikuwapo meneja manunuzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, pamoja na kijana wa idara ya fedha. Sisi tulikuwa mimi na mwenzangu anayesimamia uwasilishaji. Tulipoketi, mashine ya kutoboa ukuta ilianza kunguruma ghorofa ya juu.

"Poleni na kelele," mama akasema. "Hii ni wiki ya tatu sasa."

Mwenzangu akauliza, "Mama, na kazi zinafanyikaje namna hii?"

"Tunahamahama. Mikutano tumeipeleka chini, na nusu ya ghala tumelifunga mpaka wapake rangi. Wameniambia miezi miwili, mimi najua ni minne."

Tukacheka. Mwenzangu hakudakia neno ghala, na nilimpenda kwa hilo. Angesema palepale, "Basi mama, sisi tunaweza kuwaletea kidogo kidogo," angekuwa ameanza kuuza ndani ya soga, na yule mama angefunga mdomo. Badala yake akauliza kama mafundi huacha kelele wakati wa mapumziko ya mchana. Mama akajibu kwamba hapo ndipo hasa huongeza.

Kijana wa fedha alikuwa hajasema neno. Nikamgeukia. "Na wewe, ndugu yangu, unahesabu vipi na ngurumo hiyo?" Akafikiri kidogo, akatazama juu, akasema kwamba ameanza kufika mapema, anamaliza hesabu ngumu kabla mafundi hawajaja, na mchana anabaki na barua pepe. Yalikuwa maneno machache, lakini niliona jinsi anavyojibu: kimya, macho juu, kisha jibu kamili lenye mpangilio.

Mashine ikanyamaza. Mama akavuta faili lake karibu, akasema, "Haya, tutumie nafasi hii." Zilikuwa zimepita kama dakika sita.

Bei ilitusumbua kwa zaidi ya nusu saa. Mama alitaka punguzo ambalo lingekula faida yetu yote. Mwenzangu ndipo akaleta pendekezo: badala ya mzigo mmoja mkubwa kwa mwezi, tulete mara mbili kwa wiki, na akiba tuihifadhi sisi. Hakusema, "Si umetuambia ghala lenu ni nusu?" Aliliweka kama jambo linalowezekana upande wetu, akawaachia wenyewe waone linawafaa vipi. Mama alikaa wima. Kwake hilo lilikuwa na thamani kuliko punguzo alilokuwa akilidai, kwa sababu lilimwondolea gharama ya kukodi nafasi ya kuhifadhia.

Yakabaki malipo. Nilipotaja siku 30, kijana wa fedha alikaa kimya, akatazama juu. Kama nisingekuwa nimeshamwona akifanya hivyo dakika ya nne ya mkutano, ningesema haraka, "Au hata 45." Nikangoja. Akasema kwamba siku 30 haziwezekani kwa ankara moja kubwa ya mwezi, lakini mizigo ikiwa midogo na ankara zikija kila wiki, anaweza kuzipitisha kwa siku 30 bila kupeleka ngazi ya juu, maana zitakuwa chini ya kiwango anachoruhusiwa kuidhinisha. Hakuna mtu upande wetu aliyejua habari ya kiwango hicho. Tukamaliza hapo, kwa punguzo dogo la kuwaheshimu.

Kuna atakayesema kwamba tulitumia soga kupeleleza. Mpaka upo na ninauona waziwazi. Mama alisema habari ya ghala mwenyewe, katika mazungumzo tuliyoyaingia bila mtego, nasi tukaitumia kutengeneza pendekezo lililomfaa yeye. Kuingia na swali la ukarimu ambalo kusudi lake ni kuchimba tarehe ya mwisho ya mtu ili umbane nayo ni jambo jingine. Vilevile kumrudishia mtu maneno yake ya soga kama ushahidi. Ukifanya hivyo mara moja, hatakwambia tena hata kama mvua imenyesha.

Kama majadiliano yenu ni ya maandishi tu, usiziache soga kwa kisingizio hicho. Michael Morris, Janice Nadler, Terri Kurtzberg na Leigh Thompson walichapisha jaribio lao mwaka 2002, ambamo wanafunzi wa sheria walijadiliana kwa barua pepe na watu wasiowajua. Baadhi walipigiana simu kwanza, mazungumzo mafupi ya kufahamiana bila kugusa jambo lenyewe. Waliopigiana simu walifikia makubaliano kwa urahisi zaidi. Sishangai. Barua pepe isiyo na sauti nyuma yake husomwa kwa sauti kali kuliko aliyoikusudia mwandishi. Simu fupi siku moja kabla ya kutuma pendekezo la bei humpa mwenzako sauti ya kukusomea nayo.

Mikutano ya video ina shida yake. Wanaoingia mapema wanapiga soga, kisha mkubwa anaingia dakika ya tatu, wote wananyamaza, na yeye anakuta chumba baridi. Ukiwa mwenyeji, mwelezee kwa sentensi moja mlichokuwa mnaongea, umuulize swali lilelile mlilokuwa mnajibizana, ajibu, ndipo muanze. Bila hivyo mtu mwenye uamuzi ndiye pekee ambaye hamjasikia sauti yake ya kawaida.

Na ukikutana na mtu asiyetaka soga kabisa, aliyeketi na kusema, "Tuanze," anza. Usimlazimishe. Kuna watu ambao heshima kwao ni kutunza muda, na kwao kazi ya soga hufanywa na maswali mepesi ya kikazi: nani mwingine atahusika upande wao, nyaraka zipi wameshazipokea, wangependa kuanza na kipengele gani. Sikiliza anavyoyajibu hayo, kasi yake na kimya chake, kabla hamjafika kwenye tarakimu. Mkienda mapumziko, mpe nafasi tena. Watu wengi wa namna hiyo huongea vizuri wakiwa wamesimama, mbali na meza, wakati sehemu ngumu ya kwanza imeshapita.